Barua 24 na kazi sijapata: nibadilishe nini?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa Malindi, nina stashahada ya usimamizi wa hoteli na mwaka mmoja wa kazi ya mapokezi, nikihesabu na mafunzo ya kazini. Tangu Oktoba iliyopita nimeomba kazi mahali 24, hapa Malindi, Watamu na Lamu. Nimeitwa mahojiano mara tatu, sikuchukuliwa. Wengine wamenijibu kwamba wanasikitika, wengi hawakunijibu kabisa. Rafiki yangu mmoja anasema barua yangu ni baridi, niandike ya kugusa moyo, nieleze jinsi mama alivyonilea peke yake. Mwingine anasema nilipe mtu Mombasa aniandikie. Nimekutumia barua zote, matangazo na majibu niliyopata, pamoja na maelezo yangu mafupi juu ya kila moja. Nibadilishe nini?*

*Mwenye Bahasha, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo moja ambalo wengi wanaoniandikia hawafanyi: umeweka matangazo. Watu huniletea barua tupu wakitaka niwaambie kosa liko wapi, nami sina la kuwaambia, kwa sababu barua ya maombi ni jibu, na jibu huwezi kulipima bila kuliona swali. Nilikaa miaka katika ofisi ya wafanyakazi hotelini, kwanza huko kwenu Malindi kisha Lamu, na kazi yangu ilikuwa kupokea rundo la barua, kuweka tangazo letu kando, na kupiga alama za vema kwa kalamu. Kwa hiyo nilizitandaza zako mezani vivyo hivyo, kila barua juu ya tangazo lake, nikachukua daftari la mistari.

Katika daftari nilichora safu chache tu. Siku ya mwisho iliyotajwa kwenye tangazo na siku uliyopeleka. Nafasi yenyewe. Mambo waliyoyataka, nikiyanakili kwa maneno yao wenyewe, si kwa kumbukumbu. Kama unayo au huna. Barua gani ulituma, na kwa njia gani. Jibu lililokuja, na lilikuja baada ya muda gani. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote: maombi haya yaliishia wapi? Yapo yaliyokufa kabla hayajasomwa, yapo yaliyosomwa yakawekwa kando, na yapo yaliyokufikisha mpaka kwenye kiti cha mahojiano. Hayo ni mambo matatu tofauti, na barua ina usemi katika moja tu, lile la katikati. Ukiyachanganya yote ukayaita "nimekataliwa mara 24", utarekebisha barua kwa kosa ambalo si lake.

Nianze na yale ambayo barua haikuwa na la kufanya. Manne uliyazungusha Aprili na Mei, hoteli kwa hoteli, bila tangazo lolote. Mwanangu, wewe ni mtoto wa Malindi, unajua masika ikoje. Wageni wamekwisha kwenda zao, hoteli nyingi za pwani zinafunga ili zipakwe rangi na kuezekwa makuti upya, na hata wafanyakazi waliopo wanapelekwa likizo. Aliyepokea bahasha yako getini ni askari, na pengine ilikaa kwake mpaka ikachakaa. Kimya kile hakisemi chochote juu ya maandishi yako.

Matano mengine uliomba kazi ambazo tangazo lilikufungia mlango kwa maneno wazi: matatu yalitaka msimamizi wa mapokezi mwenye miaka mitano, mawili yalitaka shahada. Hapa ujifunze kutofautisha sharti na upendeleo. Tangazo likisema "lazima awe na", yule mwenye kalamu hapigi alama ya vema kwa huruma. Likisema "itakuwa faida zaidi", hilo ni la kuchagulia kati ya wawili waliolingana, na kulikosa si sababu ya kutoomba. Wewe ulifanya kinyume mara mbili: uliiacha nafasi moja ya Watamu kwa sababu walipendelea mwenye Kijerumani, kisha wiki hiyo hiyo ukaomba ya miaka mitano. Nimeona maelezo yako pembeni. Mwaka mmoja penye miwili, jaribu. Mwaka mmoja penye mitano, okoa nauli.

Mawili yalifika baada ya siku ya mwisho. Moja halikuwa kosa lako sana, kwani tangazo lililozunguka kwenye WhatsApp lilikuwa picha iliyokatwa chini, pale penye tarehe. Tangu leo, picha isiyo na tarehe itafutie ya asili, au piga simu hotelini uulize kama nafasi bado iko wazi. Na mawili ya mwisho katika kundi hili yalikuwa ya ofisi za umma. Huko kamati inapitisha vyeti mbele ya masharti kimoja kimoja. Barua inahitajika iwemo, lakini haikunyanyui.

Hayo ni 13. Yametoka, na nakuomba usiyarudie kuyalilia. Yamebaki 11: nafasi zilikuwepo, ulifika kwa wakati, na sifa ulizokuwa nazo zilitosha. Katika hayo ndimo barua ihukumiwe.

Kabla ya hukumu nikaziondoa mbili zaidi, na hizi nazisema kwa sauti kidogo. Barua uliyopeleka hoteli ya Shela inasema utafurahi kuitumikia hoteli ya Watamu. Nyingine ya Malindi, jina la juu ni sahihi lakini aya ya mwisho imebaki na jina la Lamu. Ulinakili barua ya zamani ukabadilisha kichwa ukasahau mkia. Nilipokuwa kazini barua ya namna hiyo tulikuwa tunaisoma kwa kucheka, kisha inakwenda chini ya rundo, na mwenyewe hajui kamwe. Dawa yake si kusoma tena kwa makini, maana jicho lililozoea barua haliioni. Acha mahali penye jina la hoteli pawe na nukta nyingi kwenye nakala yako ya msingi, ili ukisahau kujaza ionekane kama pengo, wala si jina la mtu mwingine.

Zikabaki tisa safi. Nilipozisoma kwa kufuatana niliona kitu ambacho nadhani wewe mwenyewe hukukiona: unaandika barua za aina mbili. Tano ni ndefu, zimechapwa, ukurasa mzima, na zote zinaanza hivi (naweka kwa Kiswahili, ingawa umeziandika kwa Kiingereza):

"Kwa kurejelea somo lililotajwa hapo juu, naandika kuomba nafasi katika hoteli yako tukufu. Mimi ni kijana mwenye bidii, mwaminifu, mwenye kujituma, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa."

Nne ni fupi. Tatu uliziandika kwa mkono kwenye karatasi ya fulskepu, umesimama getini, kwa sababu tangazo lilikuwa limebandikwa pale na askari alikwambia uache barua. Ya nne uliichapa kwenye simu ukaituma kwa barua pepe. Mojawapo inaanza hivi:

"Nimesoma tangazo lenu la mhudumu wa mapokezi lililo getini. Nazungumza Kiitaliano cha kutosha kumpokea mgeni na kumtatulia shida yake, na katika mafunzo yangu nilikuwa nikifunga hesabu za usiku na kukabidhi sanduku la pesa asubuhi."

Barua fupi nne zilikuletea miito miwili. Ndefu tano zilileta mmoja, na huo, kwa maelezo yako mwenyewe, ulitokana na mjomba wako kumfahamu meneja. Sasa subiri, usikimbilie kusema umepata siri. Mbili kwa nne na moja kwa tano ni hesabu ndogo mno. Mtu mmoja angeamka vibaya siku ile, ingekuwa moja kwa nne na moja kwa tano, na hadithi yote ingegeuka. Maombi tisa hayawezi kuthibitisha kitu kwa kuhesabu miito peke yake, na anayekwambia yanaweza anakudanganya au anakuuzia kitu.

Ndiyo maana niliacha majibu nikarudi kwenye matangazo. Nilichukua yale tisa, nikahesabu kila jambo limetajwa mara ngapi. Saba yalitaja lugha ya kigeni, na katika hayo Kiitaliano kilikuwa cha kwanza. Sita yalitaja pesa kwa namna fulani: kutoza bili, kufunga hesabu, kubadilisha fedha za wageni. Matano yalitaja kushughulikia maombi ya vyumba kwenye kompyuta. Matangazo mawili tu ndiyo yaliyotaja bidii au uaminifu, tena mwishoni.

Kisha nikaziweka barua zako ndefu kando ya orodha hiyo. Kiitaliano kimo, lakini kiko kwenye sentensi ya mwisho kabla ya sahihi: "Aidha nina ufahamu wa Kiitaliano." Pesa haimo kabisa. Kompyuta imo kama "nina ujuzi wa kompyuta", jambo ambalo linaweza kumaanisha umewahi kuchapa mtihani. Aya mbili nzima za mwanzo zinaeleza tabia njema. Yaani unawajibu watu juu ya kitu ambacho hawakukuuliza, na kile walichouliza umekificha au umekiacha nyumbani. Huu ndio ushahidi ninaouamini, na hautegemei bahati ya nani aliitwa. Hata kama barua zote tisa zingenyamaziwa, kasoro hii ingeonekana.

Na nadhani najua kwa nini zile za getini zilikuwa bora. Hukuwa na nakala ya zamani ya kunakili. Tangazo lilikuwa mbele ya macho yako, ukalijibu.

Hapo nilikuwa karibu kufunga daftari nikuandikie. Halafu nikaona nambari za simu. Barua zako ndefu zina nambari moja juu kabisa, wasifu wako una nyingine. Katika maelezo yako umesema ile laini ya zamani ilipotea Januari na hukuirudisha. Hoteli zetu, hasa ndogo, hazikuandikii barua kukuita. Msichana wa ofisini anachukua karatasi ya juu anapiga simu, na isipopatikana anakwenda kwa jina linalofuata. Ikiwa ndivyo, pengine barua ndefu hazina kosa lolote na ni simu tu iliyokuwa imekufa.

Tuipime hiyo pia, tusiikubali kwa sababu inasikitisha. Katika zile tano ndefu, mmoja alikupata kupitia mjomba, hakuhitaji nambari. Wawili walikuandikia barua pepe kwamba wanasikitika, wiki tatu na nne baada ya siku ya mwisho. Jibu linalokuja dakika ileile ni mashine, lakini la wiki tatu maana yake kuna mtu alifika kwenye jina lako akaamua. Kwa hiyo hao wawili walikukataa, hawakukukosa. Wamebaki wawili walionyamaza, na hao ndio tu ambao simu inaweza kuwaeleza. Nambari imekugharimu, huenda mara mbili, lakini haitoshi kuisafisha barua.

Maneno yenyewe ya majibu ya kusikitika nakusihi usiyachimbe. Nimeona umepiga mstari chini ya "tumeweka maombi yako kwenye kumbukumbu zetu" na pale waliposema walipokea maombi mengi yenye sifa za juu. Sentensi hizo zimekaa kwenye kompyuta ya ofisi tangu meneja wa zamani, zinatumwa kwa kila mtu zikibadilishwa jina. Nilizituma mimi pia. Soma jibu pale tu linapotaja kitu kinachokuhusu wewe, na katika yako yote ni moja lililofanya hivyo: lile la baada ya mahojiano, waliposema walihitaji mtu wa zamu za usiku.

Jibu hilo lilinirudisha kwenye miito mitatu. Kwa kawaida ukiitwa, barua imemaliza kazi yake, na ukishindwa kitini usiiguse kwa sababu hiyo. Lakini barua zako zote, fupi kwa ndefu, zina maneno "niko tayari kwa zamu yoyote". Na katika maelezo yako mahojiano mawili kati ya matatu yaliharibika pale pale: uliulizwa juu ya usiku, ukasema unaweza mpaka saa tatu kwa sababu ya usafiri na mtoto. Aliyekuuliza alikuwa na barua yako mkononi. Kwake yeye hukukosa zamu tu, ulijipinga. Mapokezi ya hoteli hayana usiku wa kukwepa kabisa, ila hoteli zenye wafanyakazi wengi hupanga, na nyumba ndogo za wageni za Lamu mara nyingi zina mlinzi wa usiku na mhudumu wa mchana peke yake. Andika ukweli wako. Utaitwa mara chache zaidi, nami nakwambia mapema ili usishtuke, lakini hutatumia nauli ya kwenda kusikia hapana.

Basi haya ndiyo ya kubadilisha, na ni matatu tu: mwanzo wa barua, sentensi ya zamu, na nambari ya simu. Aya za tabia njema zitoke. Mengine yabaki yalivyo, hasa wasifu wako, ambao ni msafi na hauna shida. Ukibadilisha kila kitu kwa pamoja, ukaitwa au usiitwe, hutajua nini kilifanya hivyo.

Nimekuandikia mwanzo kwa ile nafasi ya Malindi uliyoniambia inafungwa mwisho wa mwezi, ile wanayotaka Kiitaliano, bili na uzoefu wa kupokea maombi ya vyumba. Utauweka kwa Kiingereza chako mwenyewe:

"Naomba nafasi ya mhudumu wa mapokezi mliyoitangaza. Nazungumza Kiitaliano kila siku, na katika hoteli niliyofanyia mafunzo mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa wageni wa Kiitaliano walipokuwa na malalamiko. Kwa miezi sita nilitoza bili, nikabadilisha fedha na kufunga hesabu za zamu, nikakabidhi kwa mhasibu bila upungufu. Maombi ya vyumba niliyapokea kwa simu, kwa barua pepe na kupitia Booking.com, nikayaingiza kwenye kompyuta ya hoteli. Naweza zamu za asubuhi na mchana siku zote pamoja na Jumapili na sikukuu. Za jioni naweza mpaka saa tatu usiku."

Yote hayo nimeyatoa katika barua zako fupi na maelezo yako, sikukuongezea hata moja. Kama "bila upungufu" si kweli, lifute, maana watampigia yule mhasibu. Na angalia mpangilio: Kiitaliano kimetangulia kwa sababu tangazo lao limekitanguliza. Tangazo likianza na kompyuta, sentensi ya kompyuta ipande juu. Aya ya pili iwe sentensi mbili: umesoma wapi, na kwamba vyeti vimeambatishwa. Kisha sahihi. Haijai nusu ukurasa na haitakiwi kujaa.

Ushauri wa rafiki yako wa kumtaja mama, hapana. Si kwamba mioyo ya maofisini ni migumu. Nimewahi kusoma barua za namna hiyo zikanitoa machozi, na bado sikuwa na mahali pa kupiga alama ya vema, kwa sababu karatasi yangu iliuliza lugha, pesa na kompyuta. Naye wa Mombasa atakuandikia "hoteli yako tukufu" nyingine, safari hii kwa malipo.

Sasa kundi linalofuata. Peleka maombi manane, yote kwa nafasi ambazo masharti yake ya lazima unayatimiza, yote kwa barua ya namna mpya. Kuna jambo moja daftari langu halikuweza kunijibu: katika barua fupi nne, tatu ulipeleka kwa mkono, na miito yote miwili ilitoka katika hizo tatu. Huenda si ufupi uliofanya kazi. Huenda ni kule kuonekana getini, nadhifu, ukimsalimu askari vizuri. Sijui, na kwa karatasi zilizopo hakuna anayeweza kujua. Kwa hiyo nne kati ya hizo nane zipeleke kwa mkono na nne kwa barua pepe, ila pale tangazo linapoamuru njia moja, fuata tangazo. Za mkono zifike kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana. Mapema zaidi wageni wanaondoka na mapokezi pamejaa, na baada ya hapo wanaingia wapya.

Zipeleke kabla msimu haujafunguka. Hoteli inayotaka mtu wa Desemba inamtafuta Oktoba na Novemba, na anayetakiwa Julai anatafutwa mvua zikiisha. Wiki mbili baada ya siku ya mwisho, waliokaa kimya wapigie mara moja, swali moja: maombi yangu yalifika? Usiwaulize kwa nini hawakukuita. Aliyeshika simu hajui na atakuchoka. Sababu waulize wale tu waliokuona uso kwa uso, nao uwaulize kitu kimoja mahususi, kwa mfano kama Kiitaliano chako kilitosha. Swali la "nilikosea wapi" hujibiwa kwa maneno matamu yasiyofaa kitu.

Ukimaliza manane, usiangalie kwanza waliokuita ni wangapi. Angalia kwanza safu ya mwisho, yaliishia wapi. Barua za mkono zikipata miito na za barua pepe zisipate hata mmoja, tatizo si maneno tena, nami nitataka kuona kichwa cha barua pepe zako na majina ya mafaili unayoambatisha. Nimeona moja linaitwa "barua mpya mpya 2 ya mwisho", na huyo wa ofisini ana mafaili mengi ya kufungua. Lipe jina lako na nafasi unayoomba. Ukiitwa na wote wawili, wa mkono na wa barua pepe, kisha ukashindwa kitini, niandikie tuzungumze mahojiano na barua tuiache. Na wote wanane wakinyamaza huku simu yako iko hewani, nitumie matangazo hayo manane kwanza, kabla hujagusa neno lolote.

Ile laini ya zamani nenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho uulize kama bado inaweza kurudishwa. Barua zako ndefu bado ziko kwenye majalada ya watu.